Jumanne ipi, jioni ya nani?

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Kampala mbele ya maofisa mauzo na makatibu wa vyama vya ushirika na kampuni zinazouza kahawa nje. Nimeyanyoosha kidogo ili yasomeke, na maswali mawili ya mwisho nimeyaacha kwa sababu yalikuwa bora kuliko hotuba yenyewe.

Mwenyekiti, wazee wangu, kaka na dada, habari za asubuhi.

Mwenyekiti ameniambia nimalize kabla ya chai. Sikumuuliza saa ngapi, wala hakuna haja. Birika tunaliona pale, vikombe vinapangwa, na wote humu tumekunywa kifungua kinywa muda ule ule. Kwa hiyo sina ugomvi na maneno kama "kabla ya chai", "kesho jioni" au "wiki ijayo". Ni maneno mazuri na yanatufaa, mradi tunaoyasikia tunaliona jua moja, tunaifuata kalenda moja na tumeamka siku moja. Balaa huanza pale neno hilo hilo linapopanda ndege bila tarehe mkononi.

Leo nataka tuuchambue ujumbe mmoja tu. Nimeutunga mimi, lakini tarehe zake ni za kweli, na mkifungua kalenda ya mwaka 2025 kwenye simu mtazikuta. Ofisa mauzo yuko Kampala. Ana mnunuzi Hamburg, mshirika wa huyo mnunuzi Seattle, na mwonjaji wa kahawa Kigali. Sampuli kutoka Mlima Elgon zimekwisha kufika kwa wote, na inabidi wakubaliane kabla kontena halijapakiwa. Jumapili tarehe 19 Oktoba, saa nne usiku, ofisa wetu anakaa kitandani na simu yake anaandika kwenye kundi:

"Habari zenu. Tukutane wiki ijayo Jumanne jioni tumalize suala la sampuli. Bei tutaifunga mwisho wa mwezi."

Dakika tano baadaye Hamburg anajibu "sawa". Kigali anajibu "sawa". Seattle anatuma kidole gumba. Ofisa wetu analala usingizi mnono.

Sasa tuanze na hiyo wiki ijayo. Kwa mtu wa ofisi hapa Kampala, Jumapili usiku ndiyo mkia wa wiki. Kesho ni Jumatatu, wiki mpya hiyo, kwa hiyo Jumanne ya wiki ijayo ni tarehe 21, yaani keshokutwa. Mjerumani naye atafika hapo hapo, tena kwa uhakika zaidi kutuzidi, maana ofisi za kwao huhesabu wiki kwa namba kuanzia Jumatatu. Wengi wenu mmeshaona mikataba inayosema mzigo utoke "wiki ya 43". Hiyo ndiyo wiki inayoanza Jumatatu tarehe 20 Oktoba 2025. Ukimuuliza atakupa namba bila kufikiri.

Ila Seattle ujumbe umeingia saa sita mchana, Jumapili hiyo hiyo, na kwenye kalenda ya Mmarekani Jumapili ndiyo siku ya kwanza ya wiki. Wiki "hii" kwake imeanza asubuhi ileile. Kwa hiyo wiki ijayo inaanzia tarehe 26, na Jumanne yake ni tarehe 28. Hajakosea, wala hakuwa mzembe. Amesoma maneno yaleyale na akapata siku nyingine kabisa, tofauti ya siku saba nzima.

Msicheke, hata sisi wenyewe hatukubaliani. Majina yetu ya siku yanahesabu kuanzia Jumamosi, kalenda nyingi za ukutani zinaanza Jumapili, na kazi tunaianza Jumatatu. Mwenzetu wa Saudia, anayepumzika Ijumaa na Jumamosi, Jumapili yuko kazini. Ukiandika "wiki ijayo" siku ya Jumatano, hatari ni ndogo. Ukiandika Ijumaa jioni, Jumamosi au Jumapili, umesimama kwenye mpaka, na kila msomaji anaweza kukuweka upande wake.

Jambo la kuangalia ni majibu. Watu watatu katika nchi tatu wakikujibu "sawa" na hata mmoja asitaje tarehe, usifurahi. "Sawa" ya namna hiyo inamaanisha tu kwamba kila mtu ameona siku fulani kichwani mwake. Jibu la kukutuliza ni lile lenye namba ndani yake.

Tuje kwenye jioni, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo tunapojidanganya zaidi.

Sisi tuko kwenye ikweta. Kampala jua linatua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache, Januari mpaka Desemba. Hatujawahi kulazimika kuuliza jioni ni saa ngapi, kwa sababu jua lenyewe linatujibu, na linajibu hivyo hivyo mwaka mzima. Kwa hiyo ofisa wetu akisema jioni, anamaanisha baina ya saa kumi na saa moja, kabla giza halijashika. Baada ya hapo ni usiku.

Hamburg jua la Juni linatua karibu saa nne usiku, saa za kule kule. Desemba linatua karibu saa kumi. Mtu aliyekulia pale hawezi kuipima jioni yake kwa jua, angepata jioni mbili zinazopishana karibu saa sita. Ndiyo maana yeye anaipima kwa kazi: jioni ni baada ya kutoka ofisini, saa kumi na mbili hivi mpaka muda wa kulala. Mwambie "Jumanne jioni" na atajua unamwomba akae na kompyuta nyumbani baada ya chakula. Wewe ulikuwa unafikiria saa kumi na moja ukiwa bado kwenye meza yako, kabla msongamano wa magari wa Jinja Road haujakaza. Yeye anafikiria saa mbili usiku. Na wa Seattle? Jioni yetu kwake ni asubuhi. Jioni yake sisi tumelala, tena tarehe imebadilika. Saa kumi na mbili jioni ya Jumanne kwa Seattle mwezi huo wa Oktoba ni saa kumi alfajiri ya Jumatano hapa Kampala.

"Kesho" ina ugonjwa huo huo, ila wake hutokea zaidi usiku. Ukiandika "kesho" saa saba usiku, hata mke wako hajui unasema siku gani: ile ambayo kalenda imeshaianza, au ile itakayokuja ukishalala na kuamka tena. Watangazaji wetu wa redio wana dawa ya zamani: hawasemi "usiku wa Jumamosi", wanasema "usiku wa kuamkia Jumamosi". Msiidharau dawa hiyo, hasa mkiongea na mawakala wa Mombasa. Kwa wazee wa pwani siku huanza jua likitua, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa, na sisi wa bara tunauita Alhamisi usiku.

Basi tuseme mshirika wa Seattle anauliza, wanakubaliana kwamba ni Jumanne tarehe 28, na ofisa wetu anafanya hesabu. Jumapili ile tarehe 19 anaangalia simu: Hamburg iko nyuma yetu kwa saa moja, Seattle kwa saa kumi, Kigali kwa saa moja. Anaandika: saa kumi na mbili jioni Kampala, kumi na moja Hamburg, mbili asubuhi Seattle. Hesabu ni safi, lakini ni ya tarehe 19, na mkutano ni tarehe 28.

Katikati hapo, Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ambayo mwaka 2025 iliangukia tarehe 26, Ulaya inarudisha saa nyuma kwa saa moja. Marekani nayo hurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, mwaka ule tarehe 2. Uganda haigusi saa zake, Rwanda haigusi. Kwa hiyo Jumanne tarehe 28, saa kumi na mbili ya Kampala, Hamburg ni saa kumi jioni, siyo kumi na moja tena, na Seattle bado ni saa mbili asubuhi. Wiki inayofuata, Jumanne tarehe 4 Novemba, Hamburg ni saa kumi na Seattle ni saa moja asubuhi. Mkutano wa Kampala haujasogea hata dakika moja, lakini wenzetu wawili wamesogea, kila mmoja kwa wiki yake. Machi hali ni hiyo hiyo kwa upande wa pili: Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili, Ulaya Jumapili ya mwisho. Kwa hiyo wiki hizo mbili tatu za Machi, na ile wiki moja ya mwisho wa Oktoba, ndizo zinazoumiza watu wengi. Ofisa akikuambia "muda ule ule wa siku zote" katika wiki hizo, mwulize wa nani.

Na msidhani majirani wamesalimika. Kigali iko nyuma yetu kwa saa moja, na Goma pia, ilhali Kinshasa iko nyuma kwa saa mbili ingawa ni nchi moja na Goma. Juba ilikuwa nasi mpaka Februari 2021, ikarudi nyuma saa moja. Anayevuka Katuna asubuhi kwenda kikaoni Rwanda analijua hili; anayepanga kikao kwa simu hulisahau.

Sasa "mwisho wa mwezi". Kwa mfanyakazi hapa, mwisho wa mwezi ni mshahara ukiingia. Kwa mhasibu ni kufunga vitabu, na kazi hiyo humalizika mwezi unaofuata ukiwa umeshaanza. Kwa ofisa mauzo ni siku ya mwisho ya kazi. Chukueni Novemba ya mwaka ule ule. Tarehe 30 ni Jumapili, kwa hiyo siku ya mwisho ya kazi ni Ijumaa tarehe 28. Alhamisi tarehe 27 Marekani ina Sikukuu ya Shukrani, na wengi huunganisha Ijumaa na kukaa nyumbani mpaka Jumatatu. Umemwambia mtu wa Seattle "tufunge bei mwisho wa mwezi", ukingojea mpaka Ijumaa tarehe 28. Mwisho wa mwezi wake ulikuwa Jumatano tarehe 26.

Benki zilichoka na mambo haya zamani. Mnaofanya kazi na LC, ile barua ya benki ya kumhakikishia muuzaji malipo, mnazijua kanuni za UCP 600 za chemba ya biashara ya kimataifa, ICC, zilizoanza kutumika Julai 2007. Kisomeni tena kifungu cha 3. Kinasema mwanzo wa mwezi ni tarehe 1 mpaka 10, katikati ni 11 mpaka 20, na mwisho wa mwezi ni 21 mpaka siku ya mwisho, tarehe zote zikihesabiwa ndani. Nusu ya kwanza ni 1 mpaka 15. Ikiandikwa "tarehe fulani au karibu yake", inahesabiwa siku tano kabla mpaka siku tano baada. Na maneno kama "haraka" au "mapema iwezekanavyo" yanapuuzwa, labda kama imetakiwa yatumike ndani ya hati.

Mimi kifungu hicho kinanifurahisha kila nikikisoma. Hawakukataza watu kusema "mwisho wa mwezi", maana walijua watasema tu, waliliwekea ukuta. Lakini angalieni: ukuta huo unasimama ndani ya hati inayofuata kanuni hizo. Ujumbe wako wa simu haumo. Kwenye LC, tarehe 21 ni mwisho wa mwezi. Mwandikie mteja huyo huyo kwenye kundi uone kama tarehe 21 atakuwa anakungojea.

Basi ofisa wetu angeandika nini? Hivi:

"Tukutane Jumanne 28 Oktoba 2025, 18:00 Kampala (17:00 Kigali, 16:00 Hamburg, 08:00 Seattle). Naomba kila mmoja anijibu kwa saa yake."

Nieleze kwa nini kila kipande kipo. Jina la siku na tarehe vinakwenda pamoja kwa sababu kimoja kinamkamata mwenzake. Ukiandika "Jumanne 29 Oktoba" kwa bahati mbaya, mtu ataona kwamba 29 ni Jumatano na atauliza. Ukiandika 29 peke yake, hakuna atakayejua. Mwezi uandikwe kwa herufi, maana 4/11 kwa Mmarekani ni tarehe 11 Aprili. Saa iwe ya mfumo wa saa ishirini na nne, kwa sababu sisi tukiandika "saa 2 asubuhi" tunamaanisha ile ambayo simu inaiandika 08:00, na katika kundi lenye Mganda, Mkenya na Mjerumani hiyo 2 peke yake ni bomu. Kwa mdomo endeleeni kusema saa mbili, sijawakataza. Kwenye maandishi ya kuvuka mipaka weka 08:00. Na jina liwe la mji. Vifupisho vya saa za nchi watu huviandika kwa mazoea. Wengine bado wanaandika GMT kwa London hata Julai, wakati London Julai iko saa moja mbele ya GMT.

Saa za wenzako usizitoe kichwani. Fungua kalenda ya simu, andika kikao katika tarehe yake ya kweli, chagua `Africa/Kampala`, halafu uangalie kinasomeka vipi kwa wengine. Hamburg huenda usiione kwenye orodha, chagua `Europe/Berlin`. Seattle iko chini ya `America/Los_Angeles`. Bora zaidi, watumie mwaliko wa kalenda wenyewe, maana kila simu itauonyesha kwa saa ya mwenyewe. Ila kichwa cha mwaliko usikiandike "Kikao cha jioni". Seattle atakiona kimekaa saa mbili asubuhi na atadhani umekosea kuweka saa.

Hapo nilisimama, wakaanza kuuliza.

Mzee mmoja wa ushirika kutoka upande wa Mbale alisema: "Mwanangu, hayo ni kweli, lakini mimi nikimwandikia mnunuzi tarehe na saa na dakika, si ninamwamrisha? Kusema 'wiki ijayo' ni kumpa nafasi."

Nilimjibu: mzee wangu, umesema jambo kubwa, na ndilo linalotufanya tuyapende maneno haya. "Tutaonana wiki ijayo, Mungu akipenda" ni salamu, na salamu haihitaji saa. Lakini kama unataka watu watano wawe mbele ya kompyuta kwa pamoja, nafasi wape kwa namna nyingine: wape tarehe mbili. "Nina Jumanne 28 Oktoba 18:00 Kampala, au Alhamisi 30 Oktoba muda huo huo, ipi inakufaa?" Hapo umemheshimu, amechagua mwenyewe, na namba zipo. Na yeye akianza kwa kukuandikia "wiki ijayo", usimkosoe. Mjibu tu: "Vizuri, kwa hiyo ni Jumanne tarehe 28?" Akiwa na siku nyingine kichwani, atakuambia papo hapo.

Dada aliyekaa nyuma, anayepanga vikao vya kampuni yake na wanunuzi, aliuliza: "Cha kwetu ni kila Jumanne, mwaka mzima. Tukikifunga kwa saa ya mji upi?"

Nikamwambia inategemea nani hawezi kusogea. Ukikifunga kwa saa ya Kampala, sisi hatusogei kabisa, lakini Seattle watakaa saa mbili asubuhi wakati wa joto na saa moja wakati wa baridi, na huenda wakaacha kuja. Ukikifunga kwa saa mbili ya Seattle, wao wanastarehe, na sisi kuanzia Novemba mpaka Machi tunakaa saa moja usiku, madereva wameshaondoka na mlinzi anataka kufunga geti. Hamburg naye atasogezwa, mkichagua mji wowote kati ya hiyo miwili. Chagueni mji mmoja, muuandike ndani ya mwaliko, na mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba mtume ujumbe mfupi wenye tarehe nne zijazo na saa ya kila mji. Akauliza ni nani aandike ujumbe huo. Nikasema yule aliyeko nchi isiyogeuza saa, maana ndiye ambaye simu yake haitamkumbusha chochote.